Kapsheni ya krimu uliyolipwa: namna ya kuiandika ili msomaji ajue umelipwa

Mwezi wa saba, wakati upepo mkavu wa Tabora unapopasua midomo na kukausha miguu hadi ikawa kama imepakwa chokaa, dada mmoja wa Isevya aliniletea simu yake dukani, ninakofanya kazi ya kuwaandikia wafanyabiashara maelezo ya picha zao. Ana wafuasi wapatao 14,000 kwenye Instagram, wengi wao wanawake wa mjini hapa, wa Nzega na wa Urambo. Kampuni inayotengeneza krimu ya uso yenye asali na nta ilikuwa imekubaliana naye achapishe picha moja, na ilikuwa imemtumia kapsheni iliyokwisha kuandikwa, abandike tu. Kapsheni yenyewe ilisomeka hivi:

"Wapenzi wangu, hatimaye nimeipata siri ya ngozi yangu! Krimu hii ya asali asilia ya Sikonge imeniondolea chunusi na madoa ndani ya siku 7. Haina kemikali yoyote, inafaa kila ngozi, na imethibitishwa na TBS. Tumia kodi yangu upate punguzo. Asanteni sana kwa kunijali! #ngoziasilia #asaliyatabora #urembo #collab"

"Kaka, nimeisoma mara tatu," aliniambia, "na kila nikisoma naona kama anayesema si mimi."

Tulikaa nayo mchana mzima. Hatua zinazofuata ndizo tulizopitia, na ninaziandika kwa ajili ya mshawishi yeyote anayeletewa krimu, losheni au sabuni ya uso pamoja na fedha.

Hatua ya kwanza: orodhesha ulichopata

Kabla ya kugusa kapsheni, chukua karatasi uandike kila kitu ulichopewa au utakachopewa kwa sababu ya chapisho hilo. Usitegemee kumbukumbu, kwa kuwa watu wengi hukumbuka fedha taslimu na kusahau mengine. Dada yangu huyu alianza kwa kusema analipwa shilingi 150,000 na basi. Nilipomuuliza makopo aliyaleta nani, akasema yalikuja matatu, bure. Nilipomuuliza kodi ya punguzo, yaani msimbo anaoutaja mnunuzi ili apunguziwe bei, ilikuwa ya kazi gani, akakumbuka kwamba kwa kila kopo litakalouzwa kwa kodi yake atapata shilingi 1,000. Kwa hiyo malipo hayakuwa moja bali matatu, na la tatu ndilo zito kuliko yote kwa msomaji, maana linaendelea kumpa faida kila mtu anapomwamini.

Katika karatasi hiyohiyo andika pia uhusiano usio wa fedha, iwapo upo. Mwenye kampuni akiwa shemeji yako au mtu mliyesoma naye, msomaji angependa kulijua hilo kama anavyopenda kujua kuhusu malipo. Andika vilevile kama kampuni ina haki ya kupitia kapsheni kabla haijatoka. Dada huyu hakuwa na ndugu kwenye kampuni, lakini makubaliano yao, ambayo yote yalikuwa ujumbe wa WhatsApp, yalisema kwamba nusu ya fedha italipwa baada ya kampuni "kuridhika na posti". Maneno hayo yatarudi mbele.

Hatua ya pili: chagua neno lisilo na njia ya kutorokea

Hapa ndipo nilipotumia muda mwingi kuliko mahali pengine, kwa sababu maneno yanayotumiwa na washawishi wetu kutangaza malipo karibu yote yana maana mbili, na msomaji huchukua ile anayoizoea.

Anza na "collab", iliyokuwa imefichwa mwishoni mwa kapsheni ya kampuni. Tume ya Biashara ya Marekani, katika mwongozo wake kwa washawishi uliotolewa mwaka 2019, iliyataja "collab", "sp" na "spon" kuwa ni maneno ya kuepukwa kwa kuwa msomaji huenda asiyaelewe, na hiyo ni nchi ambayo Kiingereza ni lugha ya nyumbani. Kwa mama wa Ng'ambo anayesoma Kiswahili tangu kapsheni inapoanza, neno hilo ni pambo tu. Ukilitafsiri kuwa "ushirikiano" hujapata nafuu kubwa, kwani ushirikiano ni ule wa wanakijiji wanapochimba mtaro, na hakuna anayelipwa humo. "Ushirikiano wa kulipwa" ni bora zaidi, ila bado haisemi ni nani aliyemlipa mwenzake.

"Balozi" ni neno linalopendwa sana na kampuni kwa sababu linampa mshawishi cheo. Tatizo lake ni kwamba cheo si malipo. Wapo mabalozi wanaojitolea, na kwa wazee wetu balozi ni yule wa nyumba kumi. "Kwa hisani ya" hutumika redioni, na wasikilizaji wa redio wameizoea, lakini hisani ni wema, na kampuni haikukufanyia wema bali imenunua huduma. "Zawadi" ni mbaya kuliko hizo zote mtu anapokuwa ameipokea kwa sharti la kuchapisha, kwani zawadi yenye sharti la kazi ni ujira. Kuhusu "asante sana kampuni fulani", hiyo ni adabu, na kila mtu hushukuru.

Nilidhani "TANGAZO" peke yake lingetosha, hadi nilipofikiria linavyotumika mtaani. Msiba hutangazwa, mkutano wa mtaa hutangazwa, na kanisani kuna muda wa matangazo kila Jumapili. Mtu akiona "TANGAZO" anaweza kudhani unamjulisha habari ya krimu mpya kwa kuipenda tu. "Tangazo la biashara" halina utata huo.

Neno lililo wazi kuliko yote Kiswahili kimetupatia bure, nalo ni "nimelipwa". Ndani ya neno hilo moja kuna mlipwaji, ambaye ni mimi, kuna tendo, na kuna wakati, kwamba jambo limekwisha kufanyika. Ukiongeza "na" pamoja na jina la aliyelipa, hakuna kilichobaki kuulizwa isipokuwa kiasi, na kiasi hulazimiki kukitaja. Kama fedha hazijaingia bado, usiandike "nimelipwa". Andika "nalipwa na". Kama hukupata fedha bali makopo tu, andika "nimepewa bure na watengenezaji ili niioneshe hapa", ukihakikisha sehemu ya mwisho haikatwi, kwa sababu ndiyo inayotofautisha kazi na zawadi ya shangazi.

Sentensi tuliyoipata ni hii:

"Tangazo la biashara: nimelipwa na watengenezaji wa krimu hii na nimepewa makopo matatu bure."

Mahali penye "watengenezaji wa krimu hii" weka jina la kampuni, hasa pale ambapo muuzaji wa rejareja ndiye aliyekulipa na si mtengenezaji.

Hatua ya tatu: iweke mahali inapoonekana bila kuguswa

Instagram haioneshi kapsheni yote. Huonesha mwanzo wake, takribani herufi 125 na pengine pungufu, kisha huikata na kumtaka msomaji aguse ili aone zaidi. Wengi hawagusi. Sentensi yetu ina herufi 92 ukihesabu na nafasi, kwa hiyo inaenea, lakini inaenea tu ikiwa ndiyo ya kwanza kabisa. Ukitanguliza "Wapenzi wangu, habari za asubuhi, leo nina jambo la kuwashirikisha", umekwisha kutumia herufi zaidi ya 60 kwa salamu, na neno "nimelipwa" limesukumwa kuelekea kwenye giza.

Namna ya kupima ni rahisi. Chapisha, kisha fungua akaunti hiyo kwenye simu ya mtu mwingine, iliyo na kioo kidogo kama inawezekana, na usiguse kitu. Je, unaona umelipwa? Sisi tulitumia simu ya kijana anayeuza vocha nje ya duka, ambayo kioo chake kimepasuka pembeni, na tukaona hadi neno "makopo". Hilo lilitosha, maana "nimelipwa" lilikuwa limekwisha kusomeka.

Usiitupe sentensi hiyo kati ya alama za reli. Alama nne au tano zikifuatana, jicho la msomaji huziruka zote kwa pamoja kama linavyoruka namba ya leseni chini ya bango. Kwa video, kapsheni peke yake haitoshi, kwa sababu mtazamaji anaangalia uso wako na si maandishi ya chini. Tamka kwa mdomo mwanzoni, kabla hujafungua kopo, "Nimelipwa na kampuni hii kuwaonesha krimu yao," na uandike maneno hayohayo juu ya video kwa wale wanaotazama bila sauti. Katika stori, kila kipande kinachoonesha bidhaa kiwe na maneno yake, kwa kuwa mtu anaweza kuanzia kipande cha tatu.

Hatua ya nne: washa lebo ya programu, lakini usiitegemee

Instagram ina lebo yake rasmi. Kabla ya kuchapisha, ingia kwenye mipangilio ya ziada, tafuta "Add paid partnership label", uiwashe na kuitaja akaunti ya kampuni. Kwenye TikTok iko katika sehemu ya kutangaza maudhui ya biashara, na hapo kuna machaguo mawili yanayochanganywa mara nyingi: "Your brand" ni kwa biashara yako mwenyewe, na "Branded content" ni kwa biashara ya mtu aliyekulipa. Mshawishi aliyelipwa huchagua hilo la pili. Washa lebo kila mara, kwa sababu mitandao yenyewe inaidai kwenye maudhui ya kulipwa.

Hata hivyo, lebo ina udhaifu ambao sisi huku tunauona kila siku. Kwanza, kwa yeyote ambaye programu yake imewekwa Kiingereza, husomeka "Paid partnership" kwa maandishi madogo karibu na jina lako, na kwa wafuasi wengi wa dada huyu hayo ni maneno ya mashine. Pili, na hili ndilo kubwa, lebo haisafiri. Mfuasi akipenda picha huipiga picha ya skrini, akaikata pembeni ibaki uso na kopo, akaiweka kwenye stetasi yake ya WhatsApp na kuandika "jamani hii kweli?" Lebo imebaki Instagram. Duka la rejareja nalo litachukua picha hiyohiyo na kuituma kwenye makundi ya wateja. Katika miji yetu bidhaa nyingi za urembo huuzwa kupitia stetasi na makundi hayo, kwa hiyo picha itaonekana na watu wengi ambao hawajawahi kufungua ukurasa wako.

Dawa yake ni kuandika neno kwenye picha yenyewe. Tuliandika "Tangazo la biashara, nimelipwa" kwa herufi nyeupe zenye kivuli cheusi, si kwenye kona bali karibu na kopo, ili atakayeikata picha aondoke na maneno au aondoke bila krimu. Dada alilalamika kwamba picha imeharibika kidogo, na ni kweli, iliharibika kidogo.

Hatua ya tano: pitia kila sentensi inayozungumzia ngozi

Kusema umelipwa hakukupi ruhusa ya kusema usiyoyajua. Hili ndilo kosa ninaloliona kwa walioanza kuwa wakweli: wanaandika "nimelipwa" mstari wa kwanza, kisha wanabandika maneno ya kampuni chini yake kana kwamba mstari ule umeyasafisha. Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara, na maneno ya uongo juu ya krimu ni upotoshaji hata kama malipo yametajwa.

Tulichukua kapsheni ya kampuni na kuipitia kwa swali moja tu: je, hili wewe umeliona kwa macho yako?

"Imeniondolea chunusi na madoa ndani ya siku 7." Dada huyu hana chunusi. Ana madoa mawili ya zamani shavuni, na madoa hayo hayakuondoka. Hata kama angekuwa na chunusi, siku 7 ni chache mno, kwani ngozi ya juu ya mtu mzima huchukua takribani mwezi mmoja kujibadilisha, na madoa meusi yanayofifia hufifia kwa wiki nyingi, si kwa siku. Krimu inayoondoa madoa kwa wiki moja ndiyo inayopaswa kutiliwa shaka zaidi, kwa sababu matokeo ya haraka namna hiyo huhusishwa na krimu zenye zebaki, haidrokwinoni au steroidi, na zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku katika vipodozi nchini. Kwa maneno mengine, sentensi hiyo ya sifa ilikuwa inaisingizia krimu ya watu kosa ambalo pengine haina. Sentensi ikafutwa.

Badala yake nilimtaka anieleze alichokiona. Alisema ameipaka siku 19, asubuhi na jioni baada ya kunawa, na kwamba kuanzia siku ya nne hivi mashavu yaliacha kukaza. Hilo linaaminika. Nta hufunika ngozi na kuzuia maji yasipotee, asali na gliserini huvuta unyevu, na ngozi kavu huhisi tofauti hiyo mapema.

"Haina kemikali yoyote." Tuligeuza kopo. Orodha ya viambato ilianza na maji, na popote penye maji katika krimu lazima kuwe na kihifadhi, la sivyo ukungu na bakteria wangeingia humo. Kihifadhi kilikuwapo, fenoksiethanoli, na ni kitu cha kawaida katika vipodozi. Manukato yalikuwapo pia. Asali ilikuwa ya sita katika orodha ya viambato tisa. Viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi, kwa hiyo krimu hiyo ina asali, lakini si krimu ya asali kwa maana anayoifikiria mtu anayejua asali ya Sikonge ilivyo kwenye ndoo. "Ya asali" ikawa "yenye asali". Neno dogo, lakini linabadilisha ahadi. Jina la Sikonge nalo tuliliacha, kwa kuwa kopo halikusema asali imetoka wapi, na dada hakuwa na namna ya kujua.

"Inafaa kila ngozi." Mdogo wake aliipaka siku mbili akawashwa, akaacha. Kwa hiyo haifai kila ngozi, na mfano uko chumba cha pili.

"Imethibitishwa na TBS." Tangu mwaka 2019 kazi ya kusimamia vipodozi iko chini ya Shirika la Viwango, hivyo kuulizia usajili wa bidhaa ni sawa kabisa, na mshawishi anapaswa kuuomba uthibitisho huo kabla ya kukubali kazi. Dada aliuomba, akatumiwa picha ya cheti, na jina la bidhaa lililingana na la kopo. Lakini ukiliweka neno hilo baada ya habari za chunusi na siku 7, msomaji atadhani shirika limethibitisha kwamba krimu inaondoa chunusi, jambo ambalo si maana ya usajili. Tulilitoa. Anayeuliza atajibiwa.

Kuhusu picha, nitasema kwa kifupi kwa kuwa jambo lenyewe ni jepesi: picha ya bidhaa ya ngozi haipakwi filta wala podari. Filta inayolainisha ngozi ni krimu nyingine ambayo mteja hawezi kuinunua dukani. Na kama ulikuwa ukitumia kitu kingine wakati huohuo, kitaje.

Hatua ya sita: iandike upya kwa sauti yako

Haya ndiyo yaliyotoka:

"Tangazo la biashara: nimelipwa na watengenezaji wa krimu hii na nimepewa makopo matatu bure.

Nimeipaka siku 19, asubuhi na jioni. Ngozi yangu ni kavu, na upepo wa mwezi huu hapa Tabora hunikaza mashavu hadi kucheka ni shida. Kuanzia siku ya nne hivi yaliacha kukaza, na hilo ndilo nililoliona. Madoa yangu mawili ya zamani yako palepale. Ina manukato: mdogo wangu alipaka akawashwa, akaacha. Jaribu kwanza kidogo ndani ya mkono. Mchana napaka pia krimu ya jua ya kampuni nyingine. Picha haina filta.

Kopo la gramu 100 ni shilingi 12,000. Ukitaja kodi yangu unapunguziwa 1,000, nami napata 1,000 kwa kila kopo linalouzwa kwa kodi hiyo."

Zingatia mahali ilipowekwa habari ya kodi. Haikukaa juu pamoja na malipo mengine, bali imekaa palepale ambapo msomaji anaombwa kuitumia, kwa sababu hapo ndipo anapoihitaji. Shilingi 1,000 zimetajwa kwa tarakimu, tofauti na zile 150,000 ambazo hazikutajwa. Kamisheni inamhusu mnunuzi moja kwa moja, kwani ni sehemu ya fedha anayoitoa yeye.

Hatua ya saba: kampuni ikikataa

Ilikataa. Jibu lilikuja baada ya saa moja: "Dada, ukianza na nimelipwa watu watajua umesema kwa sababu ya hela. Na hiyo ya mdogo wako itoe." Kisha wakakumbusha ile nusu ya fedha na "kuridhika na posti".

Usijibu kwa hasira wala kwa hotuba, na usijadili mambo mawili kwa pamoja. Mstari wa malipo si mali ya kampuni, kwa hiyo haujadiliwi. Dada alijibu kwamba lebo ya Instagram itaonesha malipo hata hivyo, na kwamba yeye anaishi na wateja hawa, anakutana nao sokoni. Aliongeza kisa ambacho nilikuwa nimekisikia mwanzoni: mwaka uliotangulia alisifia sabuni ya watu wengine kwa neno "collab", na mama mmoja wa Ng'ambo aliyeinunua akaja hadi mlangoni na kipande kilichobaki kwenye mfuko, akamwambia, "Mwanangu, si ulisema ndiyo unayoogea?" Hakuwa akiiogea.

Kuhusu mdogo wake, kampuni ilikuwa na hoja nusu. Mtu mmoja kuwashwa si ushahidi dhidi ya krimu, na ina haki ya kutotaka isikike kama onyo la jumla. Tuliwapa nafasi ya kubadilisha maneno, si ya kulifuta jambo, na ikawa: "Ina manukato, ngozi ya mdogo wangu haikuipenda." Wakakubali. Kama wangeendelea kudai lifutwe, chaguo lililobaki lilikuwa kurudisha fedha za awali na makopo yasiyofunguliwa, na dada alikuwa ameziweka kando tangu mwanzo kwa ajili hiyo. Ninashauri ufanye vivyo hivyo: usizile fedha za awali kabla kapsheni haijakubalika. Na katika kazi inayofuata andika kwenye makubaliano, kabla ya kupokea chochote, kwamba kampuni itasahihisha bei, jina na viambato tu, na kwamba maelezo ya matumizi ni yako.

Hatua ya nane: baada ya kuchapisha

Maswali huanza saa ileile. "Kwani umelipwa ngapi?" liliulizwa na wa tatu. Jibu alilotoa lilitosha: "Kiasi ni kati yangu na kampuni, ila kamisheni ya kodi nimeiandika hapo chini." "Inaondoa chunusi?" liliulizwa mara nyingi zaidi, na hapo ndipo mtu huteleza, akaandika kwenye maoni kile alichokifuta kwenye kapsheni. Maoni yako ni sehemu ya tangazo. Yeye aliandika, "Mimi sina chunusi, kwa hiyo siwezi kujua. Ukiwa nazo za kusumbua, muone daktari wa ngozi," akaibandika juu ya maoni yote ili asirudie. Wanaouliza kwenye inboksi nao hawajui kama umelipwa ikiwa wametokea kwenye stetasi ya mtu, kwa hiyo jibu la kwanza la inboksi linaanza na maneno yaleyale: nimelipwa na watengenezaji.

Mkataba ukiisha, usiiondoe lebo wala mstari wa kwanza, maana chapisho bado liko na watu bado wanalisoma. Krimu ikibadilishwa viambato au kopo likibadilishwa jina, ongeza mstari wenye tarehe, "Niliyotumia mimi ni ile ya kabla ya mabadiliko," na uzime kodi kama kampuni imeizima.

Mwezi wa kumi, makopo yote matatu yalipokwisha, dada alinunua la nne kwa fedha yake dukani Kanyenye. Alitaka kulipiga picha na kuandika tu "nimenunua mwenyewe". Tukaandika hivi: "Hili nimelinunua mwenyewe kwa shilingi 12,000. Mwezi wa saba nililipwa na watengenezaji wake kulitangaza, na kodi yangu bado inanipa 1,000."